Kliki, Kihakiki na Njia Panda: Maana Halisi ya NP

Mwaka 1949 watafiti wawili, Duncan Luce na Albert Perry, walichapisha makala kuhusu namna ya kuchunguza makundi ya watu kwa majedwali ya hesabu. Walitaka kujua hivi: katika jamii yenye watu wengi, ni akina nani walioshikamana kiasi kwamba kila mmoja ana uhusiano na kila mwenzake? Kundi la namna hiyo waliliita kliki. Lilikuwa swali la elimu ya jamii, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa limeingia katika nadharia ya kompyuta, na halijatoka humo hadi leo. Sababu ni kwamba linatenganisha waziwazi kazi mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya: kutafuta jibu, na kuhakiki jibu ambalo mtu amekuletea.

Tofauti ya kazi hizo mbili ndiyo kiini cha jamii ya maswali inayoitwa NP. Wengi wamewahi kulisikia jina hilo, hasa tangu mwaka 2000, Taasisi ya Hisabati ya Clay ilipotangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayesema kama P na NP ni kitu kimoja au la. Anayetaka kuelewa zaidi na kufungua vitabu hukutana na maelezo mawili yasiyofanana. Moja linazungumzia mashine ya kufikirika inayofika njia panda na kushika njia zote. Jingine linazungumzia kihakiki, yaani programu ya kawaida kabisa inayokagua ushahidi. Haya ni maelezo ya kitu kilekile, na tukiyafuata kwa mfano mmoja wa kliki tutaona yanapokutana, na pia kwa nini ni afadhali kuanza na kihakiki.

Nukta 8 na mistari 14

Chukua karatasi, uchore nukta nane na kuzipa majina A, B, C, D, E, F, G na H. Kila nukta ni mtu. Watu wawili wakifahamiana, unganisha nukta zao kwa mstari. Mistari yetu ni 14: AB, AC, AD, BC, BD, BE, BG, CF, DE, DG, EG, EH, FH na GH. Mchoro wa nukta na mistari kama huu huitwa grafu.

Swali lenyewe ni hili: je, katika grafu hii wamo watu wanne ambao kila mmoja anamfahamu kila mwenzake? Kwa jumla, tunapewa grafu na namba k, kisha tunaulizwa kama grafu ina kliki ya nukta k. Jibu ni ndiyo au hapana.

Ukiamua kutafuta bila ujanja wowote, utaorodhesha makundi yote ya watu wanne yanayoweza kutolewa katika watu wanane. Yako 70. Kwa kila kundi utakagua jozi 6, na ukivumilia utamaliza jioni moja. Lakini ongeza nukta hadi 100 na utafute kliki ya watu 10. Makundi ya kukagua sasa ni 17,310,309,456,440, zaidi ya trilioni 17. Kompyuta inayokagua makundi milioni moja kila sekunde ingehitaji siku 200 hivi kuyamaliza yote. Zipo njia za werevu zaidi zinazoruka makundi yasiyo na tumaini, na katika grafu nyingi za ukubwa huo huokoa muda mwingi sana. Hata hivyo, kila njia inayojulikana hadi leo ina grafu zinazoishinda, ambapo kila ukiongeza nukta chache kazi huongezeka maradufu.

Sasa geuza mambo. Mtu anakuja na kukuambia: “Kliki ya watu wanne imo, nayo ni B, D, E na G.” Huna haja ya kumuuliza aliipataje. Unatazama orodha ya mistari: BD ipo, BE ipo, BG ipo, DE ipo, DG ipo, EG ipo. Jozi zote sita zimetimia, na shaka imekwisha. Katika ile grafu ya nukta 100, atakayekuletea majina ya watu 10 amekuachia kazi ya kukagua jozi 45 tu. Trilioni 17 upande mmoja, 45 upande wa pili: pengo hilo ndilo linalotufanya tuzungumzie NP.

Kihakiki hufanya nini

Kihakiki ni programu inayopokea vitu viwili. Cha kwanza ni swali lenyewe, yaani grafu na namba k. Cha pili ni ushahidi, ambao kwa kliki ni orodha ya majina ya nukta. Kazi yake ni kusema “nakubali” au “nakataa” baada ya hatua tatu. Kwanza kihesabu kama orodha ina majina k yasiyojirudia. Pili kiangalie kama kila jina kweli ni la nukta iliyomo katika grafu. Tatu kichukue kila jozi ya majina na kutazama kama mstari wake upo. Kila kitu kikiwa sawa, kinakubali. Kasoro moja tu ikionekana, kinakataa.

Hatua ya kwanza huonekana ndogo, na ndiyo ambayo mwanafunzi anayeandika kihakiki kwa mara ya kwanza huisahau. Tuseme imeachwa. Mtu analeta orodha yenye jina moja tu, A. Kihakiki kinatafuta jozi za kukagua, hakikuti hata moja, hakuna kilichokosekana, basi kinakubali. Kwa ushahidi huohuo kitakubali kwamba grafu ina kliki ya watu 4, ya watu 50, hata ya watu 1,000. Kihakiki cha namna hiyo hakifai, maana kimekubali jambo la uongo.

Hapo tunapata masharti mawili ya ukweli ambayo kila kihakiki lazima kiyatimize. Ikiwa jibu sahihi ni ndiyo, lazima uwepo angalau ushahidi mmoja utakaokifanya kikubali. Ikiwa jibu sahihi ni hapana, usiwepo ushahidi wowote, hata uliotungwa na mdanganyifu hodari kiasi gani, utakaokifanya kikubali. Kukubali kwake kuna uzito kwa sababu hakuna namna ya kukihadaa.

Sharti la tatu ni la muda. Kihakiki kimalize kazi katika muda wa polinomia, maana yake idadi ya hatua zake isizidi ukubwa wa swali uliopandishwa kwenye kipeo fulani kisichobadilika, kama vile n² au n⁴. Tuone kama kihakiki chetu kinafaulu. Grafu yenye nukta n huandikwa kama jedwali la mistari n na safu n, lenye 1 pale penye uhusiano na 0 pasipo na uhusiano. Grafu yetu ya nukta 8 inachukua vyumba 64. Jozi za kukagua haziwezi kuzidi n(n−1)/2. Hata grafu ikiwa na nukta 1,000 na mtu akadai kwamba nukta zote 1,000 ni kliki moja, jozi ni 499,500, kazi ambayo simu ya mkononi huimaliza mara moja.

Anayetaka ukali wa nadharia atauliza hali itakuwaje katika mashine ya Turing, ile mashine sahili ya mwaka 1936 ambayo ina utepe mmoja na haiwezi kurukia chumba inachokitaka. Kila inapokagua jozi moja inabidi itembee juu ya utepe, na jedwali lenyewe lina vyumba n². Jozi za kiwango cha n² zikizidishwa kwa mwendo wa kiwango cha n² zinatoa kiasi cha n⁴. Kazi imekuwa kubwa, lakini bado ni polinomia. Ndiyo maana nadharia haijifungi kwenye kipeo kimoja: aina ya mashine ikibadilika kipeo nacho hubadilika, lakini jibu la kama muda ni wa polinomia au la hubaki vilevile.

Sharti la mwisho linahusu urefu wa ushahidi. Muda wa kihakiki hupimwa kwa ukubwa wa swali peke yake, wala hauongezwi kwa sababu ushahidi ni mrefu. Matokeo yake ni kwamba ushahidi wenyewe lazima uwe mfupi, kwa kuwa kihakiki hakitapata nafasi ya kusoma kurasa zisizokwisha. Sharti hili likilegezwa, maana yote huporomoka. Mtu angeweza kuleta orodha ya makundi yote trilioni 17 pamoja na matokeo ya kila moja na kuiita ushahidi, na kihakiki kingejitetea kwamba muda wake ni mdogo ukilinganishwa na orodha hiyo. Hapo kazi yote ya kutafuta ingekuwa imefichwa ndani ya ushahidi.

Sasa tunaweza kusema NP ni nini bila kufumba chochote. Ni jamii ya maswali ya ndiyo au hapana ambayo kila jibu la ndiyo lina ushahidi mfupi, ambao kihakiki cha muda wa polinomia kinaweza kuukagua, na ambayo hakuna jibu la hapana lenye ushahidi bandia wa kukihadaa kihakiki hicho. Swali la kliki limo.

Mashine inayofika njia panda

Maelezo ya pili yana historia ndefu kidogo. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott walichapisha utafiti kuhusu mashine ndogo zenye hali chache, na ndani yake wakaingiza wazo geni: mashine ambayo katika hatua fulani kanuni zake zinaruhusu hatua zaidi ya moja inayofuata. Mashine ya kawaida, ikiwa mahali fulani na ikasoma alama fulani, ina hatua moja tu ya kuchukua. Hii yao hufika njia panda. Kazi hiyo iliwapatia wawili hao Tuzo ya Turing mwaka 1976, na wazo lao lilipopelekwa kwenye mashine ya Turing likazaa maelezo ya NP ambayo herufi N inayakumbusha hadi leo. N hiyo inasimamia njia panda, na P inasimamia polinomia. Hazisemi kwamba maswali haya hayana njia ya polinomia.

Tuiendeshe mashine ya njia panda juu ya grafu yetu. Inaanza na nukta A, na hapo ina njia mbili: kuichagua au kuiacha. Inahamia B, tena njia mbili. Inaendelea hivyo hadi H. Baada ya njia panda nane, mwendo wake umegawanyika kuwa matawi 256, na kila tawi limeshika kundi moja la nukta. Tukiandika 1 kwa kuchagua na 0 kwa kuacha, kila tawi linatambulika kwa tarakimu nane. Tawi la 11110000, kwa mfano, limechagua A, B, C na D.

Baada ya hapo njia panda zimekwisha, na kila tawi linafanya kazi ya kawaida. Linahesabu kama limechagua nukta nne kamili. Matawi 186 yanaanguka hapo, yanabaki 70. Kisha linakagua jozi zake sita. Tawi la 11110000 linakuta AB, AC, AD, BC na BD, kisha linakosa CD na kukataa. Matawi mengine 68 nayo yanakwama kwenye jozi fulani. Limebaki tawi moja, 01011010, lililochagua B, D, E na G. Hilo linakubali.

Kanuni ya mashine hii ndiyo inayohitaji kushikwa vizuri: mashine nzima inahesabiwa kuwa imekubali ikiwa angalau tawi moja limekubali. Kura hazipigwi, na wingi hauna maana. Matawi 255 yamekataa, moja limekubali, basi jibu ni ndiyo. Tungeiuliza kuhusu kliki ya watu watatu, matawi saba yangekubali, kwa kuwa zipo pembetatu saba katika grafu hii: ABC, ABD, BDE, BDG, BEG, DEG na EGH. Jibu lingekuwa ndiyo ileile, wala si ndiyo yenye nguvu zaidi. Muda nao hupimwa kwa urefu wa tawi moja kutoka shina hadi ncha, bila kujumlisha matawi yote. Kwa nukta n matawi ni 2ⁿ, lakini kila moja linafanya uchaguzi mara n na ukaguzi wa jozi zisizozidi n(n−1)/2. Kwa hiyo tunasema mashine hii inajibu swali la kliki katika muda wa polinomia.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Wapo wanaodhani kwamba mashine hii hurusha shilingi na kutegemea bahati. Sivyo. Mashine ya kubahatisha ina uwezekano wa kufaulu unaoweza kuhesabiwa, na katika mfano wetu uwezekano huo ungekuwa 1 kati ya 256, kiasi kisichosaidia kitu. Wengine wanadhani ni kompyuta yenye wasindikaji wengi wanaofanya kazi kwa pamoja. Hilo nalo si kweli, kwa sababu kwa nukta 100 tungehitaji matawi 2¹⁰⁰, namba yenye tarakimu 31, na hakuna anayekusudia kujenga kitu cha namna hiyo. Mashine ya njia panda haijengwi. Ni namna ya kuandika maana: kwamba upo mfululizo wa chaguzi unaofika penye “nakubali”.

Kutoka upande mmoja hadi mwingine

Tukilisoma tena lile tawi la 01011010, tunaona tarakimu nane zinazotaja B, D, E na G. Huo ndio ushahidi uleule tuliompa kihakiki, umeandikwa kwa namna nyingine tu. Jambo hilo halikutokea kwa bahati, na linatupa njia ya kuonyesha kwamba maelezo mawili ya NP yanalingana kwa maswali yote, si kwa kliki pekee.

Tuanze na kihakiki. Tuseme swali fulani lina kihakiki cha muda wa polinomia, na ushahidi wake hauzidi urefu fulani wa polinomia. Tunaunda mashine ya njia panda yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaandika ushahidi, tarakimu moja baada ya nyingine, na katika kila tarakimu inafika njia panda ya 0 au 1. Sehemu ya pili inaendesha kihakiki juu ya ulichoandika. Kila ushahidi unaowezekana unapata tawi lake. Ukiwepo ushahidi mzuri, tawi lake litakubali, na mashine nzima itakubali. Usipokuwepo, matawi yote yatakataa.

Turudi upande wa pili. Tuseme tuna mashine yoyote ya njia panda ya muda wa polinomia, hata kama hatuelewi inafikiria nini. Tunatangaza kwamba ushahidi ni karatasi ya maelekezo ya safari: katika njia panda ya kwanza shika njia ya pili, katika ya pili shika ya kwanza, na kadhalika. Kihakiki kinaifuata mashine hatua kwa hatua, na kila kikifika njia panda kinasoma karatasi na kwenda kinakoelekezwa. Hakigawanyiki tena. Mwishoni, mashine ikifika penye “nakubali”, kihakiki nacho kinakubali. Kwa kuwa tawi lina hatua za idadi ya polinomia, njia panda zake haziwezi kuzizidi hatua hizo, na karatasi ni fupi. Kwa kuwa karatasi haiwezi kuipitisha mashine mahali ambapo kanuni zake haziruhusu, udanganyifu hauwezekani.

Uthibitisho wote ni huo, na unaingia katika aya mbili. Unaeleza pia kwa nini maelezo yote mawili yamekuwepo tangu mwanzo. Stephen Cook, katika makala yake ya mwaka 1971 iliyosomwa kwenye mkutano huko Shaker Heights, Ohio, alitumia mashine za njia panda. Leonid Levin, aliyechapisha kwa Kirusi mwaka 1973 bila kutegemea kazi ya Cook, alizungumzia maswali ya kutafuta kitu ambacho kikipatikana kinaweza kukaguliwa upesi. Kati yao, mwaka 1972, Richard Karp aliieleza NP kwa uwepo wa ushahidi mfupi unaokaguliwa katika muda wa polinomia, na akaonyesha kwamba maelezo hayo yanalingana na yale ya mashine. Katika makala hiyohiyo alitaja maswali 21 ambayo ni magumu kuliko yote yaliyomo NP kwa maana hii: likipatikana suluhisho la muda wa polinomia kwa moja, limepatikana kwa kila swali la NP. Kliki ni mojawapo ya hayo 21.

Ugumu huo una mpaka wake, na inafaa kuutaja. Ikiwa k imefungwa, tuseme daima tunatafuta pembetatu, basi makundi ya watu watatu katika nukta n hayazidi n³, na kuyapitia yote ni kazi ya polinomia. Swali linakuwa gumu pale k nayo inapokuwa sehemu ya swali na kuruhusiwa kukua pamoja na grafu, kwa sababu hapo kipeo chenyewe kinapanda.

Ndiyo na hapana hazifanani

Ikiwa maelezo mawili yanalingana, kwa nini tuanze na kihakiki? Kwa sababu kihakiki kinaonyesha mapema jambo ambalo mashine ya njia panda hulificha: NP inaahidi ushahidi kwa jibu la ndiyo tu. Kwa jibu la hapana haiahidi chochote.

Mtu akileta A, B, C na D, kihakiki kinakuta jozi tano kati ya sita zimetimia, ya sita haipo, kinakataa. Kukataa huko hakumaanishi kwamba grafu haina kliki ya watu wanne, maana tunajua B, D, E na G wamo. Kinachosemwa ni kwamba ushahidi huu haukutosha. Kwa anayefikiria kihakiki, hilo liko wazi.

Kwa anayefikiria mashine, ni rahisi kuteleza. Atasema: mashine yangu inatambua grafu zenye kliki, basi nitageuza majibu ya matawi, “nakubali” iwe “nakataa” na “nakataa” iwe “nakubali”, nami nitakuwa na mashine ya kutambua grafu zisizo na kliki. Ajaribu kwenye grafu yetu. Kabla ya kugeuza, tawi moja lilikubali na 255 yalikataa. Baada ya kugeuza, 255 yanakubali na moja linakataa. Kwa kanuni ya angalau tawi moja, mashine mpya inakubali, yaani inasema grafu hii haina kliki ya watu wanne. Ni uongo. Mashine ya kawaida, ambayo ina njia moja tu, inageuzwa bila tatizo. Ya njia panda haigeuziki, na chanzo ni lile neno “angalau”.

Je, basi, tungemshawishije mtu kwamba grafu yetu haina kliki ya watu watano? Kwa grafu hii upo ujanja. Mtu wa kliki ya watano lazima awe na mistari minne au zaidi. Ukihesabu, B ana mitano, na D, E na G wana minne kila mmoja. A, C na H wana mitatu, F ana miwili. Wanaofikisha minne ni wanne tu, hivyo kliki ya watano haiwezekani, na hatukulazimika kupitia makundi 56 ya watu watano. Lakini ujanja huu umefanya kazi kwa sababu ya umbo la grafu hii. Ukipewa grafu ambayo kila nukta ina mistari mingi, kuhesabu mistari hakutakuambia kitu, na hakuna anayejua aina ya ushahidi mfupi wa hapana itakayofaa kwa kila grafu.

Kutojulikana hakumaanishi kutokuwepo, na hesabu imewahi kutufundisha hilo. Kuthibitisha kwamba namba kubwa si tasa ni rahisi: toa kigawo chake, kihakiki kigawanye. Kuthibitisha kwamba ni tasa kulionekana kuhitaji kuonyesha kwamba hakuna kigawo hata kimoja, jibu la hapana lisiloshikika. Mwaka 1975 Vaughan Pratt alionyesha kwamba kila namba tasa ina ushahidi mfupi wa utasa wake. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wa chuo cha teknolojia cha Kanpur nchini India, wakaonyesha kwamba swali hilo linajibika katika muda wa polinomia bila ushahidi wowote wa kuletewa.

Kwa kliki, wengi wa watafiti hawategemei habari ya namna hiyo, lakini uthibitisho haujapatikana upande wowote. Ushahidi mfupi wa kutokuwepo kwa kliki ukipatikana kwa grafu zote, basi kila swali la NP, kwa kuwa linaweza kugeuzwa kuwa swali la kliki, litakuwa na ushahidi mfupi pande zote mbili. Na ikithibitishwa kwamba ushahidi huo hauwezi kuwepo, swali la dola milioni moja litakuwa limejibiwa hapohapo: P na NP si kitu kimoja. Maswali ya P yanajibiwa na mashine za njia moja, na mashine hizo tumeona zinageuzika. Kama kliki ingekuwa ndani ya P, mtu angegeuza majibu yake, na hapana ingekuwa rahisi kuhakikiwa kama ilivyo ndiyo.